Gauni la Bluu Kuwa Damu ya Mzee: Kubadili Rangi ya Nguo kwa GIMP Kwenye Kompyuta ya Kawaida

Wapambe wanne wamesimama kwenye ngazi za ukumbi. Watatu wamevaa magauni ya satini ya damu ya mzee, sare iliyochaguliwa na kamati. Wa nne amevaa bluu iliyokoza, kwa sababu gauni lake halikutoka kwa fundi kwa wakati. Picha yenyewe ni nzuri. Wote wanatazama kamera, hakuna aliyefumba macho, na mama wa bibi harusi anaitaka ukutani kwa ukubwa wa inchi 8 kwa 12. Ombi lake kwa studio ni moja tu: yule wa bluu naye awe wa damu ya mzee.

Studio ndogo za mitaani hupokea maombi ya namna hii kila msimu wa harusi. Mara nyingi fundi wa picha ana kompyuta moja yenye memori ya gigabaiti 4, na juu yake nakala ya wizi ya programu ya kulipia, ambayo huja na virusi na hugoma siku ya kazi nyingi. Kazi hiyo yote inaweza kufanywa kwa GIMP, programu huria ya kuhariri picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Kalifonia kilichopo Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Leseni yake inaruhusu kuiweka kwenye kompyuta yoyote, idadi yoyote, na kuitumia kwa kazi ya kulipwa bila kudaiwa chochote. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025 na linahitaji Windows 10 au mpya zaidi. Mwenye kompyuta ya Windows 7 anaweza kubaki na toleo la 2.10, na kila hatua nitakayoieleza hapa inafanyika humo. Menyu nitazitaja kwa majina yanayoonekana kwenye skrini.

Kabla ya hatua zenyewe, tuelewe kwa nini njia ambayo wengi huanza nayo haifiki mbali. Wengi hufungua Hue-Saturation, wanasogeza kitelezi cha Hue mpaka bluu iwe nyekundu, kisha wanashangaa gauni linang'aa kama taa ya breki. Sababu ni kwamba rangi ina sehemu tatu: aina yake, ukolezi wake, na kiasi cha mwanga wake. Kitelezi cha Hue hubadili aina peke yake. Bluu ya gauni letu ina mwanga mwingi kuliko damu ya mzee ya wenzake, hivyo ukigeuza aina bila kupunguza mwanga, unapata nyekundu ya waridi iliyopauka au nyekundu kali, kulingana na mwanga wa siku ile. Isitoshe, hesabu ya kitelezi hicho huichukulia njano safi na bluu safi kuwa na mwanga sawa, wakati jicho la mtu yeyote huona njano iko karibu na weupe na bluu iko karibu na weusi. Ndiyo maana kugeuza gauni la bluu kuwa la njano kwa njia hiyo hutoa rangi ya njano chafu, isiyofanana na kitambaa chochote dukani.

Kuna kosa la pili, ambalo ni baya zaidi kwa satini. Kitambaa hakina rangi moja. Ndani ya mkunjo kuna kivuli, kwenye mwili wa gauni kuna rangi yenyewe, na juu ya mkunjo unaoelekea taa kuna mng'ao ambao karibu ni mweupe, kwa kuwa satini huurudisha mwanga wa taa kama ulivyokuja. Ukilipaka gauni zima rangi moja, hata kwa ustadi, mng'ao unageuka waridi, vivuli vinawaka wekundu, na gauni linaonekana kama plastiki. Mteja hatakuambia kosa liko wapi, lakini ataliona.

Njia ninayoipendekeza huanza upande mwingine. Badala ya kubuni damu ya mzee kichwani, tunaisoma kutoka kwenye gauni la mpambe aliyesimama jirani, ambaye amepigwa na mwanga uleule. Tunasoma sehemu tatu: kivuli, mwili wa gauni, na mng'ao. Kisha gauni la bluu tunaligeuza kijivu, na kijivu hicho tunakielekeza kwenye rangi hizo tatu kwa zana moja tu, Curves. Hakuna tabaka juu ya tabaka, na hilo ndilo linaloifaa kompyuta dhaifu.

Tuanze na kompyuta yenyewe. Kamera nyingi za studio sasa hupiga picha ya pikseli 6000 kwa 4000, yaani pikseli milioni 24. Kila pikseli ikihifadhiwa kwa baiti 4, tabaka moja linakula megabaiti 96 za memori. Likirudufiwa ni karibu 192, bado hujahesabu kumbukumbu za hatua unazoweza kurudi nyuma. Lakini picha ya inchi 8 kwa 12 kwa nukta 300 kila inchi inahitaji pikseli 3600 kwa 2400 tu, na tabaka lake ni megabaiti 35 hivi. Basi nakili faili la kamera, liweke la asili pembeni, kisha kwenye nakala nenda Image, Scale Image, uipunguze hadi 3600 kwa 2400 kabla ya kugusa kitu kingine. Hakuna mpangilio wowote utakaokupa kasi kuliko hatua hii.

Halafu angalia Image, Precision. Iwe 8 bit integer. Ikiwa imewekwa 32 bit floating point, kila tabaka linakula memori mara nne zaidi, na kwa picha ya JPEG iliyokwisha kutoka kwenye kamera hutaona faida yake katika kazi hii. Katika Edit, Preferences, System Resources, kuna Tile cache size, yaani kiasi cha memori ambacho GIMP inaruhusiwa kukitumia kabla ya kuanza kuandika kwenye diski. Kwa kompyuta ya gigabaiti 4, gigabaiti 2 ni kiasi cha haki. Ukizidisha, Windows yenyewe inakosa nafasi na mashine nzima inaanza kukwama. Ukipunguza sana, utasikia diski ikikwangua kila unapovuta brashi. Funga na kivinjari cha intaneti, kwa sababu kinakula memori kuliko picha yako.

Sasa tuchague gauni. Hapa watu hupoteza saa nzima wakifuata kingo kwa mausi, na kwa gauni letu hakuna haja hiyo. Ngozi ya wapambe ni ya kahawia, magauni ya jirani ni mekundu, na bluu iko mbali na zote mbili. Chukua Free Select, bofya nukta kwa nukta kuzunguka gauni la bluu kwa ulegevu, ukiacha nafasi ya kidole nje ya kingo, kisha bonyeza Enter. Uzio huo kazi yake ni kuzuia bluu nyingine yoyote iliyopo kwenye picha, kama vile mapambo ya ukumbi au anga. Baada ya hapo chukua Select by Color, na kwenye mipangilio yake ubadili Select by kutoka Composite iwe LCh Hue. Shika Shift na Ctrl pamoja, kisha bofya kwenye mwili wa gauni. Vitufe hivyo viwili humaanisha kwamba kitachaguliwa kile tu kilichomo ndani ya uzio na kilicho cha bluu pia.

LCh Hue ni muhimu kwa sababu huangalia aina ya rangi bila kujali mwanga. Mkunjo wenye kivuli na mkunjo uliopigwa na taa vyote ni bluu, basi vyote vinaingia. Ukiacha Composite, utapata vipande vipande na utalazimika kubofya mara nyingi. Ikiwa sehemu za bluu bado zimebaki nje, ongeza Threshold kidogo kidogo. Ikiwa ngozi imeanza kuingia, punguza.

Hata hivyo utaona matundu, na yatakuwa mahali pawili: ndani kabisa ya vivuli vyeusi na juu ya mng'ao mweupe. Pikseli nyeusi kabisa au nyeupe kabisa haina aina ya rangi ya kuaminika, hivyo zana inababaika. Usihangaike nayo. Nenda Select, Grow, uweke pikseli 1, kisha Select, Feather, uweke pikseli 2. Rudufu tabaka kwa Layer, Duplicate Layer, na juu ya nakala hiyo nenda Layer, Mask, Add Layer Mask, ukichagua Selection. Hapo utaona kijipicha cha pili kando ya kijipicha cha tabaka, cheupe pale gauni lilipo na cheusi kwingine kote. Hicho ndicho kifuniko: peupe huonyesha tabaka la juu, peusi hulificha. Ondoa uteuzi kwa Select, None. Sasa bofya kijipicha cha kifuniko, chukua brashi laini yenye rangi nyeupe, uzibe matundu yale ya vivuli na mng'ao. Palipomwagikia mkono au nywele, badili rangi kwa kubonyeza X na upake nyeusi.

Kwa nini Feather ya pikseli 2 na si ukingo mkali? Faili la JPEG mara nyingi huhifadhi rangi kwa usahihi mdogo kuliko mwanga. Rangi moja hutumika kwa kundi la pikseli 4, mbili kwa mbili, hata kama mwanga wa kila pikseli umehifadhiwa peke yake. Maana yake ni kwamba bluu ya gauni imeshavuja kidogo kwenye ngozi ya bega kabla hujafungua picha. Ukikata kwa ukali pale unapoona ukingo, utabaki na uzi mwembamba wa bluu unaozunguka gauni la damu ya mzee. Mteja huuona uzi huo hata kwenye picha iliyosafishwa. Kupanua kwa pikseli 1 na kulainisha kwa 2 huumeza. Kama picha ingekuwa bado na pikseli 6000, ningetumia 2 na 3.

Bofya sasa kijipicha cha picha yenyewe, si cha kifuniko. Hakikisha fremu nyeupe imekizunguka hicho, maana ukisahau, zana zote zinazofuata zitabadili kifuniko na utadhani GIMP imeharibika. Nenda Colors, Desaturate, Desaturate, uchague Luminance. Gauni linakuwa la kijivu, lakini mikunjo yake yote ipo.

Sasa tunasoma rangi. Chukua Color Picker, uweke alama kwenye Sample average na kipenyo cha pikseli 5 hivi ili usisome chembe moja ya kelele, na uweke alama kwenye Use info window ili dirisha la namba lifunguke. Chagua RGB (0..255). Kabla ya kubofya, weka alama pia kwenye Sample merged, ili isome kile unachokiona na si tabaka moja tu. Kwenye gauni la jirani bofya ndani ya mkunjo wenye kivuli, kisha kwenye mwili wa gauni ulio wazi, kisha kwenye mng'ao. Andika namba hizo kwenye karatasi. Halafu fanya vivyo hivyo kwenye gauni la kijivu, ukichagua mahali panapolingana: kivuli kwa kivuli, mwili kwa mwili, mng'ao kwa mng'ao. Kwenye kijivu namba zote tatu ni sawa, kwa hiyo unaandika moja tu.

Tuseme gauni la kijivu limetoa 25 kwenye kivuli, 86 kwenye mwili, na 200 kwenye mng'ao. Gauni la jirani limetoa 38, 6, 12 kwenye kivuli. 107, 20, 38 kwenye mwili. Na 222, 170, 178 kwenye mng'ao. Namba za kila mahali zinafuatana kwa mpangilio wa nyekundu, kijani na bluu. Fungua Colors, Curves. Juu ya dirisha kuna Channel. Chagua Red, bofya mstari mahali patatu, na kwa kila nukta andika Input na Output. Rudia kwa Green, kisha kwa Blue. Jedwali letu ni hili, Input kushoto na Output kulia:

```
Red     25 -> 38    86 -> 107   200 -> 222
Green   25 -> 6     86 -> 20    200 -> 170
Blue    25 -> 12    86 -> 38    200 -> 178
```

Tazama kinachotokea. Kila mahali ambapo kijivu ni 86, pikseli inakuwa 107, 20, 38, ambayo ndiyo damu ya mzee ya jirani. Kivuli kinashuka hadi kwenye kivuli chake halisi, na mng'ao unabaki mweupe wenye kugusa waridi kidogo, kama ulivyo kwenye magauni mengine. Mwanga na rangi vimebadilika kwa pamoja, bila kitelezi cha kubahatisha. Na kwa kuwa namba zimetoka ndani ya picha hiyohiyo, taa ya njano ya ukumbi au anga ya mawingu imeshahesabiwa ndani yake.

Jambo moja la kuangalia kwenye mistari ni kwamba kila mmoja lazima upande tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Nukta zikikaa vibaya, mstari hujipinda na kushuka katikati, na hapo sehemu zenye mwanga zaidi zinakuwa nyeusi kuliko zenye mwanga mdogo. Kwenye gauni dosari hiyo huonekana kama madoa ya ramani, hasa kwenye mapaja na kifua ambapo kitambaa kimenyooka. Ukiona hivyo, usiongeze nukta. Sogeza ile ya mng'ao juu au chini kidogo mpaka mstari utulie.

Ikiwa unatumia toleo la 3.0, Curves na Desaturate vinaweza kubaki hai juu ya tabaka, hivyo unaweza kurudi na kurekebisha namba kesho. Kwenye 2.10 ukishabonyeza OK, imekwenda. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, hifadhi mpangilio kwa kitufe cha kujumlisha kilicho juu ya dirisha la Curves na uupe jina, mathalani "damu ya mzee ukumbini". Mpambe yuleyule atakuwa kwenye picha nyingine nyingi za albamu. Zile zilizopigwa mahali palepale kwa mwanga uleule zitahitaji kifuniko kipya tu, na Curves itakuwa kubofya jina. Zilizopigwa nje kwenye jua zitahitaji namba zao, kwa kuwa damu ya mzee ya juani si ile ya ukumbini.

Gauni limebadilika, lakini kazi haijaisha, na hapa ndipo fundi makini hujitofautisha na mwenye haraka. Satini ya bluu iliyopigwa na flashi huitupa bluu kwa majirani: upande wa ndani wa mkono, chini ya kidevu, ubavu wa gauni la mwenzake, hata vigae vya sakafu vilivyosuguliwa. Gauni sasa ni jekundu, lakini mkono bado una kivuli cha bluu ambacho hakina mzazi. Jicho la mtazamaji hulihisi hilo bila kulitaja. Fungua tabaka jipya tupu juu ya yote na uweke Mode yake iwe LCh Color. Kwa Color Picker chukua rangi ya ngozi mahali safi pa mkono uleule, kisha kwa brashi laini ya Opacity 20 upake polepole juu ya ule ubluu. Mode hiyo hubadili rangi tu na kuacha mwanga wa ngozi ulivyo, basi hutaharibu umbo la mkono. Acha kupaka mara tu bluu inapotoweka. Ukiendelea, ngozi inakuwa ya rangi moja kama sanamu.

Sasa hakiki. Kwanza tazama kwa ukubwa wa asilimia 100, kwa kubonyeza kitufe cha 1, na uzungushe macho kwenye kingo zote: mabegani, kwenye vidole vilivyoshika maua, kwenye nywele zilizoanguka kifuani. Pili, hakiki mwanga peke yake. Ongeza tabaka la juu kabisa, ulijaze kijivu, na uliweke pia LCh Color. Picha nzima inageuka ya kijivu. Gauni lililobadilishwa likionekana jeusi au jeupe kuliko ya wenzake waliosimama kwenye mwanga uleule, namba ya mwili wa gauni ilisomwa mahali pasipolingana. Rudi ukaisome upya. Kisha futa tabaka hilo la majaribio. Tatu, safisha kipande kidogo kabla ya picha nzima. Skrini za bei nafuu hubadili rangi kulingana na pembe unayoketi, na rangi za giza kama damu ya mzee ndizo zinazodanganya zaidi. Kata kipande chenye magauni mawili, la asili na lililobadilishwa, kikasafishwe kwa karatasi ileile. Magauni hayo mawili yakifanana kwenye karatasi, haijalishi skrini inasema nini.

Unapotoa faili kwa ajili ya maabara, tumia File, Export As, aina ya JPEG, Quality 95, na kwenye mipangilio ya ndani Subsampling iwe 4:4:4. Nyekundu iliyokoza ikihifadhiwa kwa usahihi mdogo wa rangi huchafuka kingoni, na utakuwa umeirudisha ile dosari uliyoipigania mwanzoni. Faili la kazi lihifadhi kwa XCF, umbizo la GIMP lenyewe, kwa kuwa ndilo linalobeba matabaka na kifuniko.

Sasa mipaka, maana si kila nguo inakubali. Gauni jeupe ni tofauti: mara nyingi limepigwa na flashi mpaka sehemu zake ni 255 tupu, na hapo hakuna mkunjo wa kuokoa. Kama mikunjo ipo, njia hii inafanya kazi vizuri, kwa sababu unashusha mwanga na maelezo yote yanabaki. Suti nyeusi kuwa nyeupe ni kinyume chake. Tuseme mikunjo yote ya suti iko kati ya 10 na 40. Ukitaka ijaze kuanzia 150 hadi 240, hatua 30 za kijivu zinanyooshwa juu ya 90. Kila hatua inakuwa ngazi inayoonekana, na kelele ya kamera iliyokuwa imejificha gizani inakuzwa mara tatu. Matokeo yake ni suti yenye mchanga. Nguo nyekundu kali iliyopigwa chini ya taa za njano nayo ina ugumu wake: nyekundu yake inaweza kuwa imegonga 255 na mikunjo imepotea humo. Ila mikunjo hiyo mara nyingi bado ipo kwenye kijani, kwa hiyo badala ya Desaturate ya kawaida tumia Colors, Desaturate, Mono Mixer, ukiweka Green 1, Red 0 na Blue 0. Utashangaa kitambaa kinachorudi.

Kitenge na kanga haviingii kwenye njia hii kabisa, kwa sababu ukivigeuza kijivu umeua maua yao. Huko kinachowezekana ni kubadili rangi moja ya nakshi kwa Hue-Saturation, ukichagua duara la rangi hiyo peke yake. Zaidi ya hapo mwambie mteja ukweli. Na picha za pasipoti au kitambulisho zisiguswe. Mtu akija na fulana ya rangi isiyokubalika, mpe shati la studio na umpige upya.

Kwa bei, shauri langu kwa mwenye studio ni moja: kabla ya kutaja kiasi, ikuze picha kwenye skrini mbele ya mteja na utazame vitu vitatu. Je, nguo ina mikunjo inayoonekana? Je, rangi yake iko mbali na ngozi na na mandhari? Je, kuna mtu ndani ya picha hiyo aliyevaa rangi inayotakiwa? Majibu yakiwa ndiyo kwa yote matatu, kama kwa wapambe wetu wanne, chukua kazi kwa bei ya kawaida. Likikosekana la tatu, omba kipande cha kitambaa cha sare, ukipige picha kwenye mwanga unaofanana na ule wa siku ile, na uhesabu muda wa ziada. Likikosekana la kwanza, ikatae kazi na umweleze mteja sababu akiwa bado dukani.